Chupa ya Udongo: Jinsi ya Kupima Mchanga, Tope na Mfinyanzi wa Shamba

Udongo wa shamba lolote, uwe mwekundu wa mlimani au mweusi wa bondeni, una chembe za madini za ukubwa wa namna tatu. Kubwa kuliko zote ni mchanga, ambao jicho huuona na vidole huusikia ukikwaruza. Inayofuata ni tope laini, lile ambalo mto hulibwaga kingoni baada ya mafuriko, na ambalo likikauka huteleza mkononi kama unga wa ngano. Ndogo kabisa ni chembe za mfinyanzi, udongo unaonata na kufinyangika, ule ule wa vyungu na mitungi. Katika vipimo vinavyotumiwa sana na wataalamu wa kilimo, mchanga ni chembe za kuanzia milimita 2 hadi milimita 0.05. Tope laini huanzia hapo hadi milimita 0.002, na chochote kilicho kidogo zaidi ya hapo ni mfinyanzi. Kokoto zinazozidi milimita 2 hazihesabiwi.

Majina ya aina za udongo hutokana na uwiano wa chembe hizo. Penye mchanga mwingi sana huitwa udongo wa kichanga, na panapotawala mfinyanzi huitwa udongo wa mfinyanzi. Tifutifu, ambao kila mkulima huusifu, si aina ya nne ya chembe kama wengi wanavyodhani. Ni mchanganyiko wa zote tatu ambamo hakuna inayozizidi nyingine nguvu. Mchanganyiko huo haugawanywi sawa kwa sawa. Udongo huitwa tifutifu ukiwa na mfinyanzi wa asilimia 7 hadi 27 tu, na mfinyanzi ukifika asilimia 40 huwa umeshatawala kila kitu, hata kama mchanga umebaki na theluthi nzima. Chembe ndogo ndizo zenye sauti kubwa, na sababu yake ni eneo la uso.

Punje moja ya mchanga yenye upana wa milimita 0.2 ikipasuliwa hadi kila kipande kiwe na upana wa milimita 0.002, vitapatikana vipande milioni moja. Uzito wake wote ni ule ule wa punje ya mwanzo, lakini nyuso za vipande hivyo zikijumlishwa huwa mara mia ya uso wa punje ile. Maji katika udongo hushikwa na nyuso hizo, kama yanavyoganda kwenye kioo au kwenye ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Mawe machache kwenye ndoo yakimwagiwa kikombe cha maji, karibu maji yote huishia chini. Ndoo hiyo ikiwa na unga, kikombe kile kile hupotelea ndani yake.

Nafasi zilizo kati ya chembe nazo zina kazi yake. Mtu akiutazama mchanga huona mianya, na akiutazama mfinyanzi huona kitu kilichoshikamana, kwa hiyo hudhani kwamba mchanga ndio wenye nafasi nyingi. Ukweli ni kinyume chake. Mianya ya mchanga ni mikubwa lakini michache, ilhali ya mfinyanzi ni midogo mno lakini mingi kupindukia, na ikijumlishwa huzidi ile ya mchanga. Mvua ikinyesha, maji hupita katika mianya ya mchanga kwa uzito wake yenyewe na kwenda zake chini. Katika mianya ya mfinyanzi hushikwa, kwa sababu pale kila tone liko karibu na ukuta. Ndiyo maana udongo wa kichanga hunywa zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa moja, tifutifu hunywa kati ya 10 na 20, na mfinyanzi hunywa milimita 1 hadi 5 tu. Mvua kubwa ya nusu saa ikishuka juu ya mfinyanzi, sehemu kubwa yake hutiririka juu ya ardhi na kuondoka.

Maji yaliyomo na maji yanayonyweka

Baada ya mvua kubwa au umwagiliaji wa kutosha, udongo hujaa na kisha huanza kuchuja. Mchanga humaliza kuchuja kwa siku moja hivi, na mfinyanzi huweza kuchukua siku mbili au tatu. Maji yanayobaki baada ya hapo ndiyo akiba ya udongo. Mizizi huanza kuyanyonya, na jinsi yanavyopungua ndivyo yaliyobaki yanavyozidi kung'ang'ania chembe. Hufika mahali mmea hauwezi tena kuyang'oa. Hunyauka, na hata usiku ukiingia na hewa ikapoa hauinuki. Hapo udongo haujakauka kabisa. Ukichukuliwa na kukaushwa jikoni bado hutoa mvuke, ila maji yake si ya mmea tena.

Tofauti kati ya viwango hivyo viwili, yaani akiba ya mwanzo na kiwango cha kunyauka, ndiyo maji ambayo mmea unaweza kuyatumia, na humo ndimo thamani ya udongo ilimo. Katika kina cha mita moja, udongo wa kichanga huwa na milimita 25 hadi 100 za maji ya namna hiyo, na tifutifu milimita 100 hadi 175. Mfinyanzi huweza kufika 175 hadi 250, ingawa kwa kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba hubakiza maji mengi yasiyonyweka, na ndiyo maana mahindi huweza kunyauka juu ya udongo ambao mkono bado unausikia unyevunyevu. Ya pili ni kwamba ukishiba hukosa hewa, na mizizi nayo hupumua. Bustani ya mfinyanzi iliyomwagiwa kupita kiasi huonyesha majani ya manjano yanayolegea, na mwenye bustani, akidhani ni kiu, huongeza maji.

Milimita moja ya maji ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Hesabu hiyo ndogo ndiyo itakayoyaunganisha yote haya na ndoo au mpira wa kumwagilia, baada ya chupa kusomwa.

Mteremko mmoja, udongo wa aina kadhaa

Wakulima walizipa aina za udongo majina muda mrefu kabla ya vipimo vya milimita. Usukumani, kusini mwa Ziwa Viktoria, mteremko mmoja tu una msururu wa majina. Juu kuna majabali. Chini yake kidogo kuna luseni, udongo wa kichanga unaolimika kwa urahisi, unaofaa kwa mihogo, viazi vitamu na karanga. Mteremko unapoanza kulala hufuata itogolo, wenye tabaka gumu chini ambalo maji hayalipiti kirahisi, na hapo ndipo majaruba ya mpunga yanapokaa vizuri. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi.

Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa na makao yake katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye Milima ya Usambara, aliuona mpangilio wa namna hii ukijirudia kilima baada ya kilima katika Afrika Mashariki. Mwaka 1935 aliupa jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na vitabu vya elimu ya udongo duniani vinalitumia mpaka leo. Sababu kuu ya mnyororo huo ni maji. Yanaposhuka kilimani huchukua chembe ndogo na madini yaliyoyeyuka na kuyapeleka chini, na juu hubaki chembe kubwa. Kwa mwenye shamba la mtelemko maana yake ni kwamba chupa moja ya udongo haitoshi kulieleza shamba zima. Hatua mia chache chini ya hapo kuna udongo mwingine, wenye tabia nyingine.

Rangi pia hudanganya. Weusi wa mbuga huwafanya wengi waamini kwamba una mboji tele, na mara nyingi sivyo. Mbuga nyingi zina mboji kidogo, na weusi wake hutokana na mboji hiyo chache iliyoshikamana sana na chembe za mfinyanzi. Aina ya mfinyanzi wake hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa, na hapo ndipo nyufa zinapotoka.

Kuandaa sampuli

Kipimo cha chupa kinategemea jambo moja: chembe kubwa huzama upesi, na ndogo huzama polepole. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes alieleza kwa hesabu jinsi kitu cha mviringo kinavyoshuka katika kimiminika, na kanuni yake inaonyesha kwamba chembe yenye upana wa nusu ya mwenzake huzama kwa kasi ya robo. Kwa hiyo tofauti ndogo ya ukubwa huleta tofauti kubwa ya muda. Katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, chembe ya mpakani mwa mchanga na tope hushuka sentimita 10 kwa sekunde 45 hivi. Chembe ya mpakani mwa tope na mfinyanzi huhitaji karibu saa nane kwa umbali huo huo.

Udongo huchukuliwa kutoka kina cha sentimita 15 hadi 20, baada ya kuondoa majani na takataka za juu. Katika kila sehemu ya shamba inayofanana huchimbwa vishimo vitano au sita, na udongo wake huchanganywa. Udongo wa juu ya mteremko hauchanganywi na wa bondeni, kwani jibu litakalopatikana litakuwa la shamba ambalo halipo. Huanikwa kivulini siku mbili tatu, kisha mabonge hupondwa kwa mti wa kusukumia chapati au kwa chupa tupu. Hayapondwi kwa mchi wa kinu, kwa sababu mchi huvunja na punje za mchanga wenyewe na kuzigeuza kuwa tope la bandia.

Baada ya hapo udongo huchekechwa. Kinachofaa ni wavu wenye matundu ya milimita 2 hivi. Chekeche la unga ni jembamba mno: huzuia mchanga mkubwa, na udongo wa kichanga hutoka ukionekana tifutifu.

Chupa nzuri ni ya kioo au plastiki angavu, yenye pande zilizonyooka na mdomo mpana. Ile ya siagi ya karanga au ya jemu inafaa sana. Chupa iliyobonyea kiunoni haifai, kwa kuwa sentimita moja ya chini haitakuwa na ujazo sawa na sentimita moja ya juu. Udongo hujazwa hadi theluthi ya chupa, hutiwa kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya unga, kisha maji hadi vibaki vidole viwili kufika mdomoni.

Sabuni si ya kusafisha kitu. Chembe za mfinyanzi hupenda kushikana na kuwa vijibonge, na kijibonge kikizama huzama kama punje ya mchanga. Madini ya sodiamu yaliyomo katika sabuni hulegeza mshikamano huo, kila chembe ikabaki peke yake. Maabara hutumia kemikali maalumu kwa kazi hiyo, lakini sabuni ya kufulia hutoa jibu la kuridhisha. Maji bora ni ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi, au yale magumu yasiyotoa povu, huzishikanisha tena zile chembe ambazo sabuni imezitenganisha.

Chupa iliyofungwa huachwa usiku kucha ili udongo uloane hadi ndani. Asubuhi hutikiswa kwa nguvu kwa dakika kumi kamili, na dakika kumi za kutikisa si chache, mkono huchoka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kipimo. Dakika moja au mbili hazivunji vijibonge, na matokeo yake ni mchanga mwingi kuliko ulio shambani.

Kusoma tabaka

Chupa ikishatikiswa huwekwa mezani palipo sawa, na haiguswi tena. Kipande cha karatasi ya gundi hubandikwa wima ubavuni mwake ili alama zichorwe hapo. Baada ya dakika moja huchorwa alama ya kwanza kwenye usawa wa kilichokwisha kutulia: huo ni mchanga. Baada ya saa mbili huchorwa alama ya pili, na kilichoongezeka juu ya ile ya kwanza ni tope laini. Baada ya siku mbili, maji yakiwa yameng'aa, huchorwa ya tatu, na tabaka la juu kabisa ni mfinyanzi. Vipande vya majani na mizizi vinavyoelea, pamoja na utando mweusi unaokaa juu, ni mboji na mabaki ya mimea, na havihesabiwi.

Msomaji makini atauliza kwa nini saa mbili, ikiwa hesabu ya Stokes inadai karibu nane. Ni kweli kwamba baada ya saa mbili tope jembamba zaidi huwa bado linaelea. Lakini muda huo huo sehemu ya mfinyanzi iliyokuwa karibu na chini ya chupa nayo huwa imekwisha kutua. Makosa hayo mawili huelekea pande tofauti na kupunguzana nguvu. Kuchora alama baada ya saa nane hakuleti usahihi zaidi, kwani mfinyanzi mwingi zaidi utakuwa umechanganyika na tope. Hata George Bouyoucos wa Michigan, aliyeeleza mwaka 1927 namna ya kupima udongo kwa kifaa cha kuelea, aliacha urithi wa masomo mawili ambayo maabara nyingi hufuata: la sekunde 40 na la saa mbili.

Ichukuliwe chupa yenye matokeo haya. Alama ya kwanza iko sentimita 4.4 kutoka chini, ya pili sentimita 6.2, na ya tatu sentimita 8.8. Mchanga ni 4.4 kugawanya kwa 8.8, yaani asilimia 50. Tope ni tofauti ya 6.2 na 4.4, ambayo ni 1.8, sawa na asilimia 20 na ushee. Mfinyanzi ni 2.6, karibu asilimia 30. Majibu hayo hupelekwa kwenye pembetatu ya udongo, mchoro uliomo katika vitabu vingi vya kilimo vya sekondari, ambamo mistari mitatu ya asilimia hukutana katika chumba chenye jina la udongo. Hii yetu huangukia kwenye tifutifu yenye mchanga na mfinyanzi, chumba cha udongo wenye mfinyanzi wa asilimia 20 hadi 35, mchanga unaozidi asilimia 45 na tope lisilofika asilimia 28.

Asilimia 30 hiyo ya mfinyanzi isiaminiwe hadi tarakimu ya mwisho. Tabaka la mfinyanzi hukaa likiwa limefutuka, limejaa maji katikati, kwa hiyo kimo chake huwa kikubwa kuliko uzito wake. Tuseme kwa haki ni asilimia 22, mchanga ukawa 56 na tope 22. Bado udongo umebaki katika chumba kile kile. Hivyo ndivyo kipimo hiki kinavyopaswa kutumiwa: kutaja chumba, na mpaka ukiwa karibu, kutaja vyumba viwili.

Kuna ushahidi wa mkono wa kuungana na chupa. Udongo ulioloweshwa na kukandwa kama unga wa chapati hubonyezwa kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni mchache. Ukifika kati ya 2.5 na 5, ni wa wastani, kama katika chupa ile. Ukizidi 5, udongo ni wa mfinyanzi hasa. Utepe na chupa vikikubaliana, jibu limepatikana. Visipokubaliana, mara nyingi chupa ndiyo yenye kosa.

Chupa inapodanganya

Udongo mwekundu wa nyanda za juu, kama ule wa mashamba ya chai na kahawa ya Kenya ya kati, una mfinyanzi mwingi uliofungwa na madini ya chuma kuwa vijipunje vidogo vigumu. Vijipunje hivyo havivunjiki kwa sabuni ya unga. Huzama kama mchanga na tope, na chupa husema tifutifu pale ambapo maabara ingesema mfinyanzi. Cha kuvutia ni kwamba shambani nako udongo huo hunywa mvua kwa wepesi kuliko mfinyanzi mwingine, kwa sababu vijipunje vyake huacha mianya mipana. Udongo wa majivu ya volkano, kama wa mitelemko ya Kilimanjaro na Rungwe, nao hukaidi kutawanyika.

Dalili ya pili ni maji yanayong'aa upesi mno. Yakiwa safi ndani ya saa moja au mbili na juu ya tope kumelala tabaka nene linalofanana na pamba, chembe za mfinyanzi zimeshikana. Udongo huenda una chokaa, kama mwingi wa mwambao ulio juu ya matumbawe, au maji yaliyotumika yana chumvi. Kipimo hurudiwa kwa maji ya mvua na sabuni zaidi kidogo.

Kinyume chake ni maji yanayobaki machafu kama chai ya maziwa hata baada ya siku nne au tano. Kwa kipimo ni usumbufu, lakini kwa mkulima ni habari nzito, hasa yakifanya hivyo hata bila sabuni. Huenda udongo wenyewe una sodiamu nyingi. Udongo wa namna hiyo mvua ikiupiga hutawanyika, huziba mianya yake na kutengeneza ganda gumu juu, mbegu zikashindwa kutoka. Sampuli yake inafaa kupelekwa maabara kabla ya kutumia fedha kwa mbolea.

Kutoka kwenye chupa hadi kwenye ndoo

Udongo wa chupa yetu, tifutifu yenye mchanga na mfinyanzi, unaweza kukadiriwa kuwa na milimita 120 za maji yanayonyweka katika kila mita ya kina. Mizizi ya mchicha, sukuma wiki na mboga nyingine nyingi hukaa hasa katika sentimita 30 za juu, kwa hiyo akiba yao ni milimita 36. Mboga isisubiri hadi akiba yote iishe. Ikitumia nusu, yaani milimita 18, ni wakati wa kumwagilia. Katika jua kali la kiangazi bustani iliyofunika ardhi hutumia milimita 5 au 6 kwa siku, kwa hiyo zamu ya maji ni kila baada ya siku tatu, lita 18 kwa mita ya mraba. Hiyo ni ndoo moja ndogo ya lita 20, isiyojaa.

Bustani hiyo hiyo ikiwa kwenye udongo wa kichanga wenye milimita 60 kwa mita, akiba ya mizizi ni milimita 18, na nusu yake ni 9. Haitoshi siku mbili. Anayemwagilia kichanga ndoo tatu mara moja kwa wiki hupoteza nyingi ya lita hizo, maana zinazozidi akiba hushuka chini ya mizizi zikiwa zimebeba mbolea ya chumvichumvi, na siku ya tatu mboga zimeanza kulegea. Maji yale yale yakigawanywa kila siku kidogo yangezitosha.

Wengi wakishajua udongo wao ni mfinyanzi hufikiria kuuongezea mchanga. Hesabu inakataa. Sentimita 15 za juu za ekari moja zina uzito wa tani 790 hivi. Lori kumi na moja za tani saba zikimwagwa juu ya udongo wenye mchanga wa asilimia 30 huufikisha 36 tu, na udongo bado ni wa mfinyanzi, tena huweza kukauka mgumu kama tofali. Uwiano wa chembe haubadilishwi kwa jembe wala kwa lori. Kinachobadilika ni jinsi chembe zinavyokaa pamoja. Samadi iliyooza, mboji na matandazo huufanya mfinyanzi ujigawe katika vijibonge vyenye mianya ya maji na hewa, na huupa mchanga kitu cha kushikia maji. Kazi hiyo ni ya kila msimu, kwa sababu katika joto letu mboji huoza upesi.

Anayeanza na achukue chupa mbili kwa kila sehemu ya shamba: moja ya udongo wa juu, nyingine ya udongo wa sentimita 50 chini. Tabaka la mfinyanzi mgumu likiwa chini ya tifutifu hulituamisha maji shamba zima, na mchanga mtupu ukiwa hapo huyaacha yapotee. Chupa ya juu peke yake haiwezi kuonyesha mojawapo ya hayo.